Lita Tatu Zilizopotea kwa Tausi

Kadi ya kituo cha kukusanyia maziwa ina nafasi ya namba moja tu kwa kila mara unapopeleka: lita zilizopokewa. Kwa malipo ya mwisho wa mwezi namba hiyo inatosha kabisa. Kwa afya ya ng'ombe haisemi lolote, na ni rahisi kuonyesha kwa nini.

Chukua banda la ng'ombe wanne wa maziwa katika vihamba vya Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe hulishwa bandani kwa matete, mashina ya migomba na majani yanayopandishwa kutoka tambarare wakati wa kiangazi. Banda hili ni la mfano, nimelipanga ili hesabu ziwe nyepesi, ila mwenendo wa namba zake ni ule ule ambao wafugaji huuona. Jumatatu ya kwanza Tausi anatoa lita 14, Pendo 10, Sikujua 9 na Malkia 9. Jumla ni 42. Jumapili ya wiki inayofuata Tausi anatoa 11, Pendo 13, wengine wawili vilevile. Jumla ni 42.

Pendo amezaa karibuni na maziwa yake bado yanapanda. Tausi ana tatizo, na kupanda kwa mwenzake kumelifunika kabisa. Anayetazama jumla ataona banda tulivu, tena huenda akajisifu kwa hilo. Kitakachomwamsha ni siku Tausi atakapokataa kula au kiwele kitakapovimba wazi wazi, na hapo siku za kutibu kwa urahisi zitakuwa zimepita.

Wazo la kumwandikia kila ng'ombe maziwa yake si geni. Chama cha kwanza cha kupima maziwa ya ng'ombe mmoja mmoja kilianzishwa Vejen, Denmark, mwaka 1895, na kutoka hapo utaratibu ukasambaa Ulaya na kwingineko. Lakini lengo lake lilikuwa uzazi: kumjua ng'ombe mzuri ili kuzalisha kwake, na kumwondoa asiyelipia chakula chake. Kwa kazi hiyo kipimo cha mara moja kwa mwezi kinatosha. Kwa kazi ya kumshtukia ng'ombe anayeanza kuugua, mwezi ni mrefu mno. Hapo inatakiwa namba ya kila siku, na kitu cha kuilinganisha nayo.

Tuanze na namba yenyewe, maana jedwali zuri juu ya vipimo vibovu ni kujidanganya kwa mistari iliyonyooka. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana povu, na jagi likisomwa kwenye usawa wa povu linaweza kuongeza robo lita au zaidi. Njia bora ni mizani ya kuning'iniza: pima ndoo tupu, pima ndoo yenye maziwa, toa. Mizani haioni povu. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takribani kilo 1.03, kwa hiyo ukiandika kilo badala ya lita tofauti ni ndogo, mradi usichanganye leo kilo na kesho lita. Ukibaki na jagi, subiri povu litulie na usome kwa macho yaliyo usawa wa mstari.

Kosa kubwa kuliko povu ni kuandika maziwa yaliyouzwa badala ya yaliyokamuliwa. Maziwa aliyopewa ndama kwenye ndoo, ya chai ya nyumbani, na yale yanayomwagwa kwa sababu ng'ombe yuko kwenye dawa, yote yametoka kwenye kiwele na yote yanaingia kwenye jedwali. Wageni wakifika Jumamosi na birika likajazwa mara tatu, ng'ombe hajashuka. Ni kituo kilichopungukiwa. Na ndama anayenyonya moja kwa moja anavuruga kila kitu, kwa sababu hakuna anayejua amevuta kiasi gani.

Halafu kuna saa. Kiwele hutengeneza maziwa usiku na mchana, bila kupumzika, kwa mwendo unaokaribiana. Ukikamua saa 11 alfajiri na saa 10 alasiri, usiku una saa 13 na mchana una saa 11. Tausi wa lita 14 atatoa kama 7.5 asubuhi na 6.5 jioni, na tofauti hiyo ni ya saa tu, haina ugonjwa wowote. Ndiyo maana namba za asubuhi na jioni ziandikwe kila moja kwenye safu yake kabla ya kujumlishwa. Asubuhi ikishuka na jioni ikapanda kwa kiasi kilekile, jibu karibu daima liko kwa mkamuaji: alichelewa, aliwahi, au ng'ombe alishtuka akabana maziwa. Maziwa hushuka chuchuni kwa msukumo wa homoni iitwayo oksitosini, ambayo nguvu yake hudumu dakika chache tu baada ya kiwele kuoshwa na kukandwa. Mbwa akibweka au mtu mgeni akishika ndoo, ng'ombe hubana, na kilichobaki hutoka awamu inayofuata. Jumla ya siku haitikisiki sana.

Sasa namba za Tausi. Wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Jumapili, alitoa 14, 13.5, 14.5, 14, 13.5, 14 na 14.5. Ukijumlisha unapata 98, na wastani wa wiki ni 14 kamili. Wiki ya pili alitoa 14, 13.5, 14, kisha Alhamisi 12.5, Ijumaa 11.5, Jumamosi 11 na Jumapili 11. Jumla 87.5, wastani 12.5.

Watu wengi huishia hapo: wastani wa wiki hii dhidi ya wastani wa wiki iliyopita, 12.5 kwa 14. Ni upungufu wa kama asilimia 11. Unaonekana, lakini una kasoro mbili. Kwanza, unaujua Jumapili usiku, siku nne baada ya mambo kuanza. Pili, unauona mdogo kuliko ulivyo, kwa sababu siku tatu nzuri za mwanzo wa wiki zimechanganywa na siku nne mbaya za mwisho. Ng'ombe mwenyewe, Jumapili ile, ameshuka kutoka 14 hadi 11, ambayo ni zaidi ya asilimia 21. Kama mambo yangeanza Jumamosi, wastani wa wiki ungeshuka kidogo tu na hakuna ambaye angeinua macho. Wiki ya kalenda ni nzuri kwa ripoti ya ushirika. Ugonjwa haujui Jumatatu.

Dawa yake ni wastani unaotembea. Kila siku, maziwa ya leo hulinganishwa na wastani wa siku saba zilizotangulia, bila kuijumlisha leo yenyewe. Siku saba ni kipimo kizuri kwa sababu ya kawaida kabisa: maisha ya nyumbani huzunguka kwa wiki. Siku ya soko chakula huchelewa, Jumapili watu huenda kanisani na ukamuaji hubadilika saa. Wastani wa siku saba unabeba kila aina ya siku mara moja, hivyo hauyumbi kwa sababu tu kesho ni siku ya soko.

Swali la pili ni hili: upungufu wa kiasi gani ustahili kelele? Tausi akiwa mzima anacheza kati ya 13.5 na 14.5, yaani chini ya asilimia 4 juu au chini ya wastani wake. Ng'ombe wengine hucheza zaidi, na jagi la mistari ya nusu lita linaongeza mchezo wake. Ukiweka alama kwenye upungufu wa asilimia 5, jedwali litapiga kelele kila wiki na baada ya mwezi hakuna atakayelisikiliza. Ukiweka asilimia 30, litanyamaza mpaka ng'ombe alale chini. Mimi huona asilimia 15 ni pa kuanzia panapofaa kwa ng'ombe wa lita 8 na kuendelea. Kwa ng'ombe wa lita 4, asilimia 15 ni lita 0.6, zaidi kidogo ya mstari mmoja wa jagi, na alama zitakuwa za uongo tupu. Kwa hiyo ongeza sharti la pili: upungufu ufikie angalau lita 1.

Tuone ilivyokwenda kwa Tausi. Alhamisi ya wiki ya pili wastani wa siku saba zilizotangulia ulikuwa 13.93, naye akatoa 12.5. Upungufu ni asilimia 10, hakuna alama. Ijumaa wastani ulikuwa 13.71, akatoa 11.5, upungufu asilimia 16. Alama ikawaka. Jumamosi asilimia 18, alama. Jumapili asilimia 15 na kitu, alama. Kazi nzuri: siku ya pili ya tatizo jedwali limeshamnyooshea kidole, na muda wote huo jumla ya banda haijatikisika.

Jumatatu inayofuata Tausi anatoa tena 11. Alama imezimika.

Hapa ndipo majedwali mengi ya namna hii yanapowaangusha wenyewe. Tausi hajapona. Kilichotokea ni kwamba siku zake mbaya zimeingia kwenye wastani anaolinganishwa nao. Kufikia Jumatatu ile, wastani wa siku saba zilizotangulia umeshuka hadi 12.5, na 11 dhidi ya 12.5 ni upungufu wa asilimia 12 tu, chini ya kiwango cha kelele. Jumanne ni asilimia 9. Wiki ikiisha wastani utakuwa 11, naye atatoa 11, na jedwali litasema ng'ombe yuko sawa kabisa. Mfugaji aliyekuwa msibani Ijumaa hadi Jumapili akirudi Jumatatu na kutazama mstari wa siku hiyo kwenye simu, hataona kitu. Wastani unaotembea ni kama jirani anayezoea harufu ya jalala: siku za mwanzo analalamika, baadaye hasikii tena.

Kwa hiyo inahitajika alama mbili. Ya kwanza ina haraka na hulinganisha na siku saba zilizopita hivi karibuni. Ya pili ina kumbukumbu, na hulinganisha leo na wastani ule ule kama ulivyokuwa wiki moja nyuma, kabla haujachafuliwa. Jumatatu ile, wastani wa wiki moja nyuma ni 14. Kumi na moja dhidi ya kumi na nne ni upungufu wa asilimia 21, na alama ya pili inabaki kuwaka wiki nzima zaidi. Kuna gharama ndogo: ng'ombe aliyepita kilele hushuka mwenyewe, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 kwa mwezi, hivyo katika siku kama kumi na moja zinazotenganisha leo na katikati ya wastani huo wa zamani kuna upungufu wa asilimia 2 hadi 4 ambao ni wa kawaida. Kwenye kiwango cha asilimia 15 huo hausumbui.

Kwenye simu au kompyuta, kila ng'ombe apewe karatasi yake ndani ya faili moja. Safu ya A ni tarehe, B asubuhi, C jioni, D jumla ya siku, E wastani wa siku saba zilizotangulia, F alama ya haraka, G alama ya kumbukumbu. Siku ya kwanza iko mstari wa 2. Kwa hiyo siku ya nane iko mstari wa 9, na fomula zake ni hizi:

```
D9: =IF(COUNT(B9:C9)=2,B9+C9,"")
E9: =IF(COUNT(D2:D8)>=5,AVERAGE(D2:D8),"")
F9: =IF(COUNT(D9:E9)<2,"",IF(AND(D9<0.85*E9,E9-D9>=1),"KAGUA",""))
```

Alama ya kumbukumbu inaanza siku ya kumi na tano, mstari wa 16, na haihitaji hesabu mpya. Inachungulia tu mistari saba juu kwenye safu ya E:

```
G16: =IF(COUNT(D16,E9)<2,"",IF(AND(D16<0.85*E9,E9-D16>=1),"BADO",""))
```

Zote huburutwa kwenda chini, na ile ya D huburutwa pia kwenda juu hadi mstari wa 2. Fomula ya D inaweka jumla pale tu namba zote mbili zipo, na ya E inakataa kutoa wastani kama siku zilizopimwa hazifiki tano kati ya saba. Ukali huo una sababu. Siku ambayo hukupima, acha seli tupu, usiandike 0. Mashine huruka seli tupu inapotafuta wastani, lakini 0 kwake ni siku ambayo ng'ombe hakutoa hata tone. Chukua wiki ya kwanza ya Tausi na siku moja ya lita 14 isiyopimwa. Ukiiacha tupu, 84 kwa siku sita ni 14, wastani umesimama. Ukiandika 0, ile 84 inagawanywa kwa saba na wastani unakuwa 12. Asilimia 85 ya 12 ni 10.2. Tausi akishuka hadi 11, hakuna alama. Sifuri moja iliyoandikwa kwa nia njema imelifunga jedwali mdomo kwa wiki nzima.

Kosa jingine la aina hiyo ni kuandika "lita 7" au "7,5" kwenye simu iliyopangwa kutumia nukta. Mashine inaweza kuyachukua kuwa maneno na kuyapuuza bila kukuambia. Dalili yake iko machoni: namba halali husimama upande wa kulia wa seli, maneno husimama kushoto. Kwa fomula ya D hapo juu, siku hiyo itabaki bila jumla, na pengo ni rahisi kuligundua kuliko jumla ya uongo.

Wasio na simu ya kufaa wanaweza kufanya haya yote kwenye daftari la mistari. Kila Jumapili andika wastani wa wiki wa kila ng'ombe, uzidishe kwa 0.85, na namba inayotoka iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa wiki mpya. Kwa Tausi ni 11.9. Siku yoyote anayotoa chini ya hapo, duara. Ukurasa wa wiki iliyotangulia nao ubaki na namba yake nyekundu, ili ulinganishe na zote mbili. Ni alama ya kalenda, si ya kutembea, lakini ina haraka kuliko kusubiri wastani wa wiki.

Alama imewaka, sasa je? Kinachofuata si sindano. Ni kurudi kwenye jedwali kuuliza maswali mawili kabla ya kuingia bandani. La kwanza: ameshuka peke yake au wameshuka wote? Maziwa ni maji kwa takribani asilimia 87, na sukari ya maziwa, yaani laktosi, ndiyo inayoyavuta maji hayo kutoka kwenye damu kwenda kwenye kiwele. Ng'ombe anahitaji kama lita 4 hadi 5 za maji kwa kila lita ya maziwa anayotengeneza, kwa hiyo Tausi peke yake anamaliza lita 56 hadi 70. Bomba la kijiji likikatika siku moja, banda zima hushuka ndani ya siku hiyohiyo au ya pili yake. Matete yakizeeka na kuwa magumu, au pumba ikibadilishwa, wote hushuka pia, ila taratibu zaidi. Na mkamuaji akibadilika, au jagi likibadilika, wote husogea siku moja kwa pamoja, hata kabla ng'ombe hawajajua kuna habari. Kwenye banda letu Sikujua na Malkia wamekaa palepale na Pendo anapanda. Tatizo ni la Tausi.

La pili: ameshuka asubuhi na jioni, au awamu moja tu? Jumapili alitoa 6 asubuhi na 5 jioni. Siku zake njema zilikuwa 7.5 na 6.5. Zote mbili zimeshuka kwa uwiano unaokaribiana, kwa hiyo si mkamuaji wala maziwa yaliyobanwa. Na ameshuka kwa siku nne mfululizo, jambo linaloondoa sababu nyingine ya kawaida sana: joto. Ng'ombe anayetaka dume huwa hatulii, hula kidogo, na maziwa yake huweza kushuka siku moja kisha kurudi. Ukimwona ameshuka siku moja, akarudi, halafu akashuka tena baada ya siku 21 au karibu yake, mwite mpandishaji, maana jedwali limekuonyesha mzunguko wake bure.

Sasa ndoo iwekwe chini na kiwele kishikwe. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamuliwe kwenye kikombe chenye kitambaa au sahani nyeusi, na mabonge, majimaji au damu yatafutwe. Kiwele kina sehemu nne zisizoingiliana, kila moja na chuchu yake, na zile mbili za nyuma hutoa zaidi, kama asilimia 60 ya maziwa yote. Kwa Tausi wa lita 14 kila sehemu ya nyuma ilikuwa ikitoa zaidi kidogo ya lita 4. Sehemu moja ya nyuma ikipatwa na ugonjwa wa kiwele na kubaki ikitoa lita 1 na kitu, zile lita 3 zilizopotea zimepatikana zilikokwenda. Namba peke yake haiwezi kuthibitisha hilo, lakini inakuambia uangalie sehemu kwa sehemu badala ya kutazama kiwele chote kwa mbali na kusema kiko sawa.

Mara nyingi maziwa huonekana safi kabisa. Hapo kinatumika kipimo ambacho Schalm na Noorlander walikieleza huko California mwaka 1957, na kinachobebwa na maafisa mifugo mpaka leo: sahani yenye vishimo vinne, maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye kishimo chake, na dawa ya maji kiasi kilekile, kisha sahani huzungushwa taratibu. Maziwa ya sehemu nzima hubaki mepesi. Ya sehemu yenye ugonjwa huwa mazito, hata kufikia kuvutika kama mlenda, kwa sababu dawa hiyo inapasua chembe nyeupe za damu zilizojaa humo kupambana na vimelea. Kazi inachukua chini ya dakika moja.

Kama sehemu zote nne ni safi, kipimajoto kinafuata. Ng'ombe mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kitu. Akipita 39.5 asubuhi, kabla jua halijapanda, ana homa, na kwenye maeneo ya kupe swali la kwanza ni ndigana kali. Shika tezi iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, mpigie daktari wa mifugo leo, usingoje kesho. Maziwa huanza kupungua mapema katika homa za namna hii, mara nyingi kabla mtu hajaona kwamba majani yamebaki kihorini.

Lolote litakalopatikana liandikwe kwenye safu ya H, pamoja na tarehe: "kiwele, nyuma kushoto, dawa imeanza Jumatatu, maziwa yasiuzwe hadi Jumapili". Maziwa ya siku hizo yanaendelea kupimwa na kuandikwa kabla ya kumwagwa, kwa sababu ndiyo yatakayoonyesha kama dawa inafanya kazi. Na hapa jedwali lina upofu mwingine. Tausi akipanda kutoka 11 hadi 13 na kisha kurudi 11.5, wastani wake bado ni wa chini na huenda hakuna alama itakayowaka. Kwa wiki mbili baada ya matibabu ni macho ya mfugaji yanayosoma safu ya D.

Upofu mkubwa zaidi unamhusu Pendo, yule ambaye kila mtu anafurahia anavyopanda. Mwaka 1967 P. D. P. Wood alichapisha katika jarida la Nature mlinganyo mfupi unaochora maziwa ya ng'ombe tangu kuzaa: yanapanda kwa kasi, yanafika kilele, halafu yanateremka polepole kwa miezi. Kilele huja kati ya wiki ya nne na ya nane. Ng'ombe aliye wiki ya pili anatakiwa kuwa juu ya wastani wake wa wiki iliyopita kila siku. Akisimama palepale, hajashuka hata tone, na fomula zetu zitakaa kimya, lakini huenda kuna lita kadhaa ambazo zilistahili kuwepo na hazipo. Sababu ya kawaida ni kwamba chakula hakijaongezwa sambamba na maziwa, naye anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe. Kwa ng'ombe wa namna hii, hadi wiki ya nne, mimi hutumia kanuni nyepesi zaidi: asikose kuwa juu ya wastani wa siku saba zilizopita kwa siku tatu mfululizo. Akikosa hata siku ya tatu, anakaguliwa kama vile alama imewaka.

Upande wa pili wa mlima ni Sikujua, mwenye mimba ya miezi saba. Ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 280, na hukaushwa kama siku 60 kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Anapokaushwa, maziwa hushuka kwa kukusudia na alama zitawaka kila siku. Andika "amekaushwa" kwenye safu ya H na tarehe yake, ufute fomula za F na G kwenye mistari inayofuata, na uache B na C tupu mpaka azae. Akizaa, mfungulie karatasi mpya inayoanza mstari wa 2. Wastani wa maziwa ya uzao uliopita haumfai tena. Siku nne au tano za kwanza ni za dang'a, nazo ni za ndama, kwa hiyo safu ya D iachwe ianze baada ya hapo.